Mtoto Akimpimia Mwenzake Hotuba, Apewe Kipimo cha Haki

Tangu mtaala wa umilisi uanze kote nchini mwaka 2019, wanafunzi hawapimwi na mwalimu peke yake. Hutakiwa pia wapimane wao kwa wao. Katika Kiswahili, mmoja husimama akatoa hotuba fupi na wenzake wakampa alama. Mimi mtu wa Pwani niishiye Kisumu nimeyatazama mambo haya kwa karibu, na rai yangu ni kwamba mpango ni mwema, ila kipimo wanachopewa watoto mara nyingi ni kibovu.

Chukua mfano huu. Binti mmoja wa ufuoni alizungumza dakika mbili juu ya omena, yaani dagaa wa ziwani. Alieleza kwamba mvua zikizidi omena hawakauki vizuri, huoza, na hatimaye huuzwa kwa hasara kuwa chakula cha kuku. Wenzake watano walipewa karatasi yenye neno moja tu, "Ufasaha", na nafasi ya alama juu ya kumi. Wakampa 9, 8, 8, 4 na 3. Hotuba ni ile ile moja! Wale wawili wa mwisho walipoulizwa sababu, walicheka wakasema: "Amesema bei inasuka."

Msomaji, Kijaluo hakina sauti ya "sh", na aliyekulia katika lugha hiyo huiweka "s" mahali pake. Bei ikishuka, kwake "inasuka", kama kwamba inasukwa nywele. Lakini kabla hatujacheka nao, tukumbuke nyumbani kwetu. Mtoto wa Mombasa humwita mwenzake kwa "ndoo", na kwa Kiswahili cha shuleni hilo ni chombo cha kutekea maji. Husema "mato" badala ya "macho". Je, tungependa apewe 3 juu ya kumi kwa lahaja aliyonyonya kwa mamake?

Kosa halikuwa la wale watoto wawili. Neno "ufasaha" ni pana mno, kila mmoja hulijaza alitakalo: huyu urafiki, yule dhihaka. Kipengele cha haki ni kile ambacho hata wasikilizaji wasiopatana watakijibu sawasawa, kwa kuwa kinauliza lililosikika, si lililopendeza. Kadi nionayo yafaa ina mambo manne tu: Je, alitaja mada yake mapema? Je, alitoa sababu au mifano miwili ninayoweza kuitaja? Je, nilimsikia hapa nilipokaa? Je, alifunga maneno yake, au alikatika njiani? Kila swali hujibiwa "ndiyo", "kwa kiasi" au "bado". Chini pana mistari miwili: jambo moja jema alilolisema, liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, na jambo moja la kujaribu safari ijayo.

Kwa kadi hii yule binti angepata "ndiyo" ya mada, na "ndiyo" ya sababu, kwani kuoza na hasara zote mbili zilitajwa. Na lile la "kusuka" halifichwi. Huandikwa katika mstari wa mwisho: "Neno kushuka nililisikia kusuka." Ni kweli, lina faida, naye husoma kadi yake mwenyewe bila kutangazwa mbele ya darasa. Nasaha ya faragha hujenga. Ya hadharani huaibisha.

Wakati nao watosha. Darasa la watoto 45 hugawanywa makundi tisa ya watano. Hotuba dakika mbili, kadi dakika mbili, neno la shukrani dakika moja. Wote watano humaliza kwa dakika 25, na kipindi ni dakika 40. Zile 15 zilizobaki mwalimu azitumie mwanzoni: atoe hotuba yake mwenyewe, darasa zima limpime, kisha walinganishe majibu. Wakitofautiana sana katika swali fulani, swali ndilo lenye kasoro, lirekebishwe kabla mtoto yeyote hajasimama.

Hata hivyo kadi si dawa ya kila kitu. Kadi zote zikijaa "ndiyo" tupu, na mstari wa jambo jema hauna hata neno moja la msemaji, jua watoto wameoneana haya au hawakusikiliza. Kwa sababu hiyo naona alama hizi zisiingizwe katika ripoti ya muhula. Ziwe za kumsaidia msemaji, na hukumu ibaki kwa mwalimu.

Walimu wetu wa Pwani wanaopelekwa bara wana dhima hapa kuliko wengine, maana darasa hutazama uso wa mwalimu. Akitabasamu kwa "inasuka", watoto wote watacheka, na yule binti hatasimama tena kusema.