Mwambie Jirani Alete Zipu Leo

KIBARAZANI na Zuhura Mshangama

Binti wa jirani yangu hapa Mbagala amepata fremu ya kushonea, na juzi jioni alikuja na simu mkononi. “Shikamoo shangazi. Hebu nisomee hili tangazo kabla sijalirusha.” Picha ilikuwa ya mwanamitindo aliyevaa gauni refu la lesi, ameitoa mtandaoni. Chini yake ameandika: “Tunayo furaha kuwatangazia ufunguzi wa duka letu la mitindo ya kisasa. Tunashona nguo za aina zote kwa bei nafuu. Nyote mnakaribishwa.”

Nilimwambia picha aiondoe kwanza. Gauni lile hakulishona yeye. Mteja akilipenda atakuja na kitenge akitaka lile lile, na kitenge hakilali mwilini kama lesi. Ugomvi wa kwanza utakuwa umeanzia kwenye picha. Tukapiga nyingine: suruali ya jinzi iliyotiwa zipu mpya, imelazwa juu ya meza ya cherehani, mshono unaonekana.

Halafu maneno. Gauni jirani hushonesha kwa harusi, kwa Idi, kwa Krismasi. Lakini nyumba gani haina suruali iliyokufa zipu, au sketi ya shule iliyofumuka upindo? Hiyo ndiyo kazi inayoweza kumfikia fundi mgeni siku ya kwanza, kwa sababu mtu hampi fundi asiyemjua kitambaa cha thamani. Humjaribu kwa kitu kidogo. Kwa hiyo tangazo litaje kitu hicho kidogo, kwa jina na kwa bei. “Bei nafuu” hainiambii nitoke na shilingi ngapi. Na “kuanzia 2,000” inanitia wasiwasi wa kuambiwa 5,000 nikishafika. Tena iandikwe kama zipu yenyewe imo kwenye bei au mteja aje nayo, maana hapo ndipo watu huvutana.

Lililotuchukua muda mrefu ni siku ya kuchukua. Mafundi wetu wengi wana mikono mizuri, ila “njoo kesho” imewaharibia jina. Mimi mwenyewe niliwahi kwenda harusini na gauni la zamani kwa sababu jipya lilikuwa bado halina mikono. Kwa hiyo nilimwuliza binti: kufumua zipu mbovu na kutia mpya unatumia muda gani? Kama nusu saa. Kukata suruali na kupindia? Robo saa. Akipokea nguo hadi saa 4 asubuhi na kuzitoa saa 11 jioni, ana saa 7 katikati. Zipu 10 ni saa 5, na saa 2 zinabaki za kupiga pasi, kula, kusali na kumsikiliza anayeingia kuuliza. Basi mwisho wake ni kazi 10 kwa siku, na ya 11 anaiandikia kesho mbele ya mteja. Cherehani yake ni ya miguu, umeme ukikatika zipu haisimami. Overloki ndiyo inayosimama, kwa hiyo gauni tukaliacha bila kuahidi siku hadharani.

Alitaka pia kuweka ofa ya nusu bei kwa magauni wiki ya kwanza. Nilimkataza. Angejaziwa vitenge, ashone usiku, na wateja wote angewachelewesha. Kurudishia kifungo bure kunatosha: ni dakika chache, uzi kidogo, na jirani ameshaingia ndani akaona nguo zimetundikwa kwa namba.

Mahali napo alitaka kuandika “mkono wa kushoto”. Kushoto kwa anayetoka wapi? Tukatembea hadi kituo cha bodaboda, tukarudi tukihesabu milango. Tangazo likawa hivi:

“Fundi cherehani yupo mtaani kwetu kuanzia Jumatatu. Kutia zipu ya suruali au sketi Sh3,000, zipu imo. Kukata na kupindia suruali Sh1,500. Lete kabla ya saa 4 asubuhi, chukua saa 11 jioni. Kazi 10 tu kwa siku. Magauni na sare: njoo upimwe, tukupangie siku. Wiki ya kwanza kifungo kilichong’oka tunakurudishia bure. Ukitoka kituo cha bodaboda kuelekea msikitini, ni mlango wa tatu baada ya mashine ya kusaga, wenye pazia la kijani.”

Hilo ni la kwenye simu, jirani analisoma ameketi. Mpita njia hana muda huo, ana mfuko wa unga mkononi na jua kichwani. Kwa ubao wa mlangoni tulibakiza mistari mitatu kwa herufi nene: ZIPU 3,000. KUPINDIA SURUALI 1,500. LETE ASUBUHI, CHUKUA JIONI. Nikavuka barabara nikausoma kutoka upande wa pili. Mstari wa mwisho haukuonekana vizuri, chaki ya njano imefifia, akaufuta na kuuandika upya kwa nyeupe.