Kununa: Jeraha, Adhabu au Kukwepa?



Hapa Pemba kununa kuna lugha yake. Mke aweza asitamke neno kutwa nzima, ila kanga aliyojifunga ikamsemea. Mume naye hula kimya, kisha hujiendea barazani mpaka usiku. Sisi tunaosikiliza wanandoa twaona kosa kubwa ni kudhani kwamba kila kimya kina maana moja.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mume mmoja wa Wete ameuza karafuu zake, akampelekea ndugu yake sehemu ya fedha pasipo kumwarifu mkewe. Mke anauliza, wanajibizana maneno mawili matatu, kisha kimya cha siku tatu.

Kimya hicho kikiwa jeraha, mke hupooza mbele ya kila mtu. Hata jirani akija, hana mazungumzo. Mume akimwuliza kwa upole, machozi hutangulia, kisha maneno hufuata. Huyo anahitaji kungojewa tu.

Kikiwa adhabu, kina mlengwa mmoja. Mke yule yule hucheka na jirani, lakini mume akiingia uso hufunga, na mtoto hutumwa: "Mwambie baba yako chakula kipo." Kimya hiki hakiishi mpaka mwenzake anyenyekee, hata kwa kosa asilolijua. Mtoto akishafanywa mjumbe, msishuku tena: hiyo ni adhabu, na mtoto naye anaitumikia.

Huenda pia anayenyamaza ni mume, naye anakwepa. Siku ya nne anaagiza chai kana kwamba hakuna lililotokea. Nyumba imetulia, lakini habari ya fedha haikuguswa. Msimu ujao wa karafuu ugomvi utakuwa ule ule.

Mwanasaikolojia Mmarekani John Gottman, aliyechunguza wanandoa kwa miaka mingi, aliona kwamba anayenyamaza katikati ya ugomvi mara nyingi moyo wake unapiga zaidi ya mara 100 kwa dakika, hata hawezi kusikiliza vema. Alishauri mapumziko ya dakika 20 au zaidi. Basi kunyamaza kwenyewe si kosa. Aseme tu: "Nimekasirika, tutazungumza baada ya chakula cha usiku." Kimya kilichotajiwa mwisho wake hakimtesi mtu, mradi ahadi itimizwe.

Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2016 juu ya upendo katika familia, aliwaasa wanandoa wasimalize siku bila kupatana, akaongeza kwamba si lazima kupiga magoti: ishara ndogo, hata mguso usio na maneno, yatosha kuanza. Nasi tungesema, yatosha kuanza, si kumaliza. Katika mfano wetu, fedha zile bado zapaswa kuzungumzwa.

Kipo kimya cha nne, cha mwenye kuogopa kipigo. Huyo asihimizwe kusema nyumbani. Kimya ndicho kinga yake. Kwanza atafutiwe usalama na watu wa kumsaidia.

Basi mwenzako anaponyamaza, tazama kwanza: je, amewanyamazia wote, au wewe peke yako? Na kimya kikiisha, je, jambo lenyewe limezungumzwa?