SEHEMU YA 4: Siyo karanga mbovu, ni mzio

Mama, leo nagombana na wewe kidogo. Mtoto wa miezi tisa kanywa vijiko vitatu vya uji wa lishe wenye karanga. Dakika tano tu, anajikuna midomo, mwili umetoka mabaka yaliyovimba, kisha anatapika. Bibi anasema karanga zilikuwa mbovu. Jirani anasema, "Mpe kidogo kidogo, atazoea."

Hapana jamani! Chakula kilichoharibika kwa kawaida huchukua saa kadhaa kumsumbua mtu, na hakimtoi mabaka mwilini. Mzio una haraka kwa sababu mwili ulishajiandaa. Ulipokutana na karanga siku za nyuma, ulizidhania adui ukatengeneza kingamwili, zikajibandika kwenye seli za ulinzi zilizoko kwenye ngozi, midomo na utumbo. Leo karanga zimegusa tu, seli zikamwaga kemikali iitwayo histamini. Hiyo ndiyo inayowasha, inayovimbisha ngozi na kulifanya tumbo litapishe. Kwa mayai ni vilevile.

Sasa hicho "kidogo kidogo" cha nyumbani unamzoesha nani? Kijiko kimoja kinatosha kuziamsha seli zile, na safari ijayo inaweza kuwa kali zaidi. Acha chakula hicho, andika alichokula na baada ya dakika ngapi, mpeleke kwa daktari.

Akianza kupumua kwa shida, sauti ikakwama au akalegea, usikae ukisubiri Piritoni ifanye kazi. Kimbia hospitali achomwe sindano ya adrenalini pajani.