Msitumie Kiswahili Kuzima Kigiriama

Wapenzi wa lugha, ugomvi wangu leo ni na sisi wenyewe. Tumezoea kumwekea Kiingereza lawama zote za shuleni, na lawama nyingine anazistahili. Lakini katika rasimu ya sera ya lugha niliyoletewa niihariri, ya shule moja ya msingi ya umma huko bara ya Kilifi, upande wa Ganze, sentensi yenye madhara makubwa kuliko zote haikuandikwa na mpenzi wa Kiingereza. Iliandikwa na mtu wa kwetu, mwalimu wa Kiswahili, mshairi. Inasema: “Lugha ya eneo la shule hii ni Kiswahili.”

Asiyeijua historia ya jambo hili ataiona ni sentensi ya upole tu. Tangu Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976, msimamo wa Kenya umekuwa kwamba miaka mitatu ya kwanza ya shule ya msingi mtoto afundishwe kwa lugha inayotawala eneo la shule, kisha Kiingereza kishike hatamu. Mtaala wa umilisi umeendeleza mpango huohuo: hadi gredi ya tatu lugha ya eneo, kuanzia gredi ya nne Kiingereza. Sheria haisemi lugha ya eneo ni ipi. Hilo huachiwa shule. Kwa hiyo mwenye kuijaza nafasi hiyo moja kwenye karatasi ndiye mwenye kuamua kila kitu. Akiandika Kiswahili, Kigiriama kimetoka nje ya mlango kabla kengele haijalia, na kimetolewa kwa jina zuri la lugha ya taifa.

Mjini Malindi au Mtwapa nisingebisha. Huko watoto wa Kijomvu, Kigiriama, Kikamba na Kijaluo hukaa dawati moja, na Kiswahili ndicho wanachogombania mpira nacho. Kuandika hivyo huko ni kusema kweli. Kwenye shule hii mambo ni mengine, na si vigumu kuyajua. Mwalimu wa gredi ya kwanza anapoandikisha watoto, amwulize mzazi maswali mawili tu: mtoto huyu huzungumza lugha gani na nyanyake, na hucheza kwa lugha gani na wenzake jioni? Nilipoomba swali hilo liulizwe, nilijibiwa kwamba haina haja, “kila mtu Pwani anajua Kiswahili”. Kujua kumwamkia mwenye duka ni jambo moja. Kufafanuliwa kugawanya ni jambo jingine.

Nalisema hili kwa mfano wa somo linalodhaniwa halina lugha, yaani Hisabati. Mtoto wa Kigiriama huja shuleni akihesabu: mwenga, mbiri, hahu, nne, tsano. Hapo bado yeye na Mswahili ni ndugu wanaofanana sura. Kisha husema handahu, fungahe, nane, chenda, kumi, na mwalimu humwambia si hivyo, ni sita, saba, nane, tisa. Sisi tunaojiita wahifadhi wa lugha tungepaswa kushtuka. Handahu ni tandatu yetu ya kale. Fungahe ni mfungate, ambayo imetubakia kwenye fungate, zile siku saba za maharusi. Chenda ni kenda, iliyomo ndani ya jina Mijikenda lenyewe. Mtoto anasahihishwa kwa kosa la kuhifadhi alichokisahau anayemsahihisha.

Lakini huo ni uchungu wa mpenda maneno tu, na nisingeandika sera kwa ajili yake. Jambo zito liko mbele kidogo, gredi ya pili, mtoto anapofundishwa thamani ya nafasi: kwamba katika 43, hiyo nne si nne, ni makumi manne. Kigiriama husema mirongo mine na hahu. Neno lenyewe linamwonyesha mtoto makumi manne na tatu pembeni. Hana cha kukariri. Arubaini na tatu haimwonyeshi kitu, maana arubaini tuliichukua nzima kutoka Kiarabu na haina nne ya Kibantu ndani yake. Kiswahili pia kina mwongo, ambao leo tunauita kipindi cha miaka kumi, lakini hatuhesabu nao. Basi hapa Kigiriama ni chombo bora cha kufundishia kuliko Kiswahili, na bora kuliko Kiingereza. Mwalimu anayekizuia katika kipindi hicho anajinyima kifaa cha bure.

Mtanijibu: vitabu viko wapi? Jibu ni kwamba havipo, na hapa ndipo sera nyingi za shule huanguka bila mtu kuona. Vitabu vya Hisabati vya gredi ya kwanza vimechapishwa kwa Kiingereza, ilhali sera ya nchi yasema mtoto huyo afundishwe kwa lugha ya eneo. Mwalimu anashika kitabu cha lugha moja na kuambiwa afundishe kwa nyingine, na hakuna aliyemwandikia afanye vipi. Kwa hiyo rasimu isiseme “lugha ya kufundishia” kana kwamba ni kitu kimoja. Iseme mambo matatu kwa kila somo na kila gredi: lugha ya maelezo, lugha ya kitabu na daftari, na lugha ya kupimia. Shule haina uwezo juu ya lugha ya kitabu. Ina uwezo mkubwa juu ya lugha ya maelezo, na kwenye majaribio yake ya ndani ina uwezo pia juu ya lugha ya kupimia.

Kwa Hisabati ya gredi ya kwanza hadi ya tatu nilipendekeza hivi: maelezo yawe kwa Kigiriama, tarakimu hazina lugha, ziandikwe kama kawaida, majina ya namba yafundishwe kwa Kigiriama kwanza, kisha Kiswahili, kisha Kiingereza cha kitabu, yote matatu yakiwa ubaoni kwa safu, na mwalimu apime kwa mdomo kwa lugha yoyote ambayo mtoto ataieleza hoja yake. Kusoma kuanze kwa Kigiriama pia. Herufi ni zilezile za Kiswahili, na kinachoongezeka, kama ts ya tsano na dz ya madzi, ni kichache. Aliyekwisha kusoma kwa lugha moja kati ya hizi hahitaji kufundishwa kusoma upya kwa nyingine. Anahitaji maneno tu. Wala asitokee wa kuniambia Kigiriama hakiandikiki. W. E. Taylor, yuleyule aliyetuhifadhia tungo za Muyaka, alichapisha msamiati wa Kigiriama mwaka 1891.

Na Kiswahili je? Kiswahili kipewe kazi yake halisi, ambayo ni kubwa kuliko ile mliyotaka kukiibia. Kifundishwe kama somo tangu siku ya kwanza, na kwa bidii, kisha kichukue maelezo ya Mazingira kuanzia gredi ya pili. Kazi yake kuu iko gredi ya nne. Huko ndiko kwenye genge. Mtoto aliyefundishwa Hisabati kwa lugha ya nyumbani anaamka Januari moja anakuta Sayansi, Kilimo na Mafunzo ya Jamii, maelezo na kitabu, vyote kwa Kiingereza, na gredi ya sita anasubiriwa na mtihani wa kitaifa ambao, ukitoa somo la Kiswahili, umeandikwa kwa Kiingereza. Majirani zetu Watanzania wana genge lilelile. Wamelisogeza tu hadi kidato cha kwanza.

Dalili za kuanguka ni rahisi kuzitambua. Darasa linakuwa la kuitikia: mwalimu anaanza neno, watoto wanamalizia silabi ya mwisho kwa sauti moja, na kila mtu anaridhika. Mwulize mmoja wao “kwa nini?” Nilisoma swali katika darasa la gredi ya nne, la kugawia watoto watano maembe 43 sawasawa na kutaja yaliyobaki. Kwa Kiingereza cha kitabu, wengi walizidisha, kwa kuwa waliona namba mbili na hawakujua vitenzi. Nilipolisema kwa Kiswahili, wakagawanya, ila mmoja akaniuliza kama mkubwa hapati zaidi, na alikuwa na haki: kwao kugawa hakuna maana ya usawa mpaka useme. Kwa Kigiriama tulifika kwenye yale matatu yanayobaki bila mzozo. Hisabati ilikuwamo tangu mwanzo. Mtihani ungeandika kwamba haimo.

Kwa hiyo gredi ya nne hadi ya sita nilipendekeza kitabu na daftari viwe kwa Kiingereza, maelezo yawe kwa Kiswahili, na kila mada ifunguliwe kwa maneno machache, manane au kumi, yaandikwe kwa lugha zote mbili na yaachwe ubaoni wiki nzima. Kigiriama kibaki kuwa ruhusa: mtoto akikwama, aruhusiwe kumwuliza mwenzake. Mwalimu aliyehamishiwa hapa kutoka Homa Bay hawezi kukisema, na sera isijifanye hilo halipo. Huyo asipangiwe gredi ya kwanza. Apangiwe zile za juu, anakofundisha kwa Kiswahili na Kiingereza bila aibu.

Wazazi wanataka Kiingereza, nami siwacheki. Wanaujua mtihani kuliko tunavyowadhania. Lakini Kiingereza kinajengwa na mwalimu mzuri wa Kiingereza, katika kipindi cha Kiingereza. Kule Ife, Nijeria, kuanzia mwaka 1970, Babs Fafunwa na wenzake walifundisha watoto kwa Kiyoruba miaka yote sita ya shule ya msingi, na Kiingereza kikawa somo lenye mwalimu wake maalumu. Watoto hao hawakubaki nyuma ya wenzao katika Kiingereza. Basi mwalimu bora wa Kiingereza shuleni apangiwe gredi ya tatu na ya nne, badala ya kuwekewa wa gredi ya sita peke yao wakati maji yamekwisha kufika shingoni.

Limebaki kifungu kimoja ambacho tumeshindwa kuafikiana. Rasimu ya kwanza ilikataza “lugha za nyumbani” katika eneo la shule, na aliyekosea avae kibao shingoni. Kibao kimefutwa, hilo halikuwa na mjadala mrefu. Katazo lenyewe limerudi kwa sura nyingine, kwamba nje ya darasa watoto wazungumze Kiswahili au Kiingereza “ili wazoee”. Mshairi wetu analitetea kwa nguvu. Ninamwomba aeleze, kwa maandishi na kabla ya kikao kijacho, mtoto atayaweka wapi maneno handahu, fungahe na chenda akikatazwa kuyatamka hata kwenye kiwanja cha mpira.