Nyomi haiui kwa kukanyaga: piga hesabu ya geti kabla hujaingia

Kuna shoo moja nilienda hapa Nairobi, na wakati wa kutoka nikagundua sitembei tena. Nilikuwa nabebwa. Viatu viliguse chini, visiguse, haikuwa juu yangu. Geti lilikuwa na pande mbili, lakini upande mmoja ulikuwa umefungwa kwa mnyororo na kufuli, na soja alikuwa anatupigia kelele tuache kusukumana. Buda, hakuna aliyekuwa anasukuma. Tulikuwa wengi kuliko lile geti, basi.

Nilitoka na jezi iliyoraruka na mbavu zilizouma wiki nzima. Tangu siku hiyo nimekuwa yule msee anayehesabu mageti kabla ya kuangalia jukwaa. Chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo usiogope, hesabu hii hata mimi naiweza.

Kwanza tuache lile neno "mkanyagano". Ukilisikia kwenye taarifa unawaza watu waliopagawa wakikimbia na kupanda juu ya wenzao. Mara nyingi sivyo. Wengi wanaokufa kwenye msongamano hufa wakiwa wamesimama wima. Kifua kinabanwa mbele na nyuma, mapafu hayapati nafasi ya kufunguka, na hewa inakatika. Ndiyo maana kelele za "msikimbie" hazisaidii. Aliye mbele hawezi kukimbia, na aliye nyuma haoni kinachoendelea mbele.

Kipimo chenyewe ni mita mraba. Chora sanduku sakafuni, mita moja kwa mita moja. Wakisimama watu wawili au watatu humo, kila mtu anatembea anavyotaka. Wakifika wanne, mnaanza kugusana mabega. Watano ni hatari. Sita au saba, hakuna tena mtu mmoja mmoja: nyomi inaanza kwenda kama maji, na mtu mmoja akiteleza upande huu, wimbi linawafikia walio mita kumi mbali.

Sasa njoo getini. Waingereza wana mwongozo wa usalama wa viwanja ambao nchi nyingi huuangalia. Unasema njia moja ya kukagulia tiketi isihesabiwe kupitisha zaidi ya watu 660 kwa saa, yaani 11 kwa dakika, hata kila kitu kikienda sawa. Mkoba ukipekuliwa, au simu ya mtu ikikataa kufungua tiketi, idadi inashuka.

Chukua mfano wa mechi ya mashabiki 27,000. Sisi Wakenya tunajijua: tuseme nusu wanafika saa ya mwisho, yaani 13,500. Mwandalizi amefungua njia 10 tu. Kwa saa hiyo moja zitapitisha 6,600. Kipenga kinapopulizwa, watu 6,900 bado wako nje. Kama uwanja ulio mbele ya mageti ni mita 50 kwa 20, hiyo ni mita mraba 1,000. Gawanya. Karibu watu saba kwa kila sanduku. Hapo goli linafungwa ndani, kelele zinapaa, na kila aliye nje anataka kuona. Hakuna mhuni aliyehitajika kuleta balaa. Limeletwa na hesabu.

Fungua njia 20 badala ya 10. Zinapitisha 13,200, nje wanabaki 300. Watu ni wale wale, mechi ni ile ile.

Haya si mambo ya kufikirika kwetu. Oktoba 2010, mashabiki 7 walifariki uwanjani Nyayo siku ya Gor Mahia na AFC Leopards. Oktoba 2023, watu 4 walifariki Kericho alfajiri ya Mashujaa Dei, umati ulipokuwa unawania kuingia uwanjani. Angalia saa: alfajiri, kabla sherehe haijaanza. Hatari ya geti haisubiri shughuli ianze.

Ndiyo maana Agosti 2025, wakati wa CHAN, CAF ilipoona watu wamevunja ulinzi na kuingia Kasarani bila tiketi, ilipunguza mashabiki hadi 27,000 kwenye uwanja unaobeba takriban 48,000, na ikataka tiketi za kielektroniki pekee. Wengi tulilia mtandaoni kwamba tunaonewa. Lakini asiye na tiketi akifika getini anachukua nafasi kwenye lile sanduku la mita mraba sawa na aliyelipa. Dawa ni kumzuia mbali, barabarani, kwa kituo cha kwanza cha kuangalia tiketi, ili mbele ya geti lenyewe wafike tu watakaopita.

Kutoka nako kuna hesabu yake. Mwongozo ule ule unakadiria watu 82 kwa dakika kwa kila mita ya upana kwenye njia tambarare, na unataka uwanja uweze kuondoka watu ndani ya dakika 8 katika hali ya kawaida. Rudi kwenye geti langu la shoo. Tuseme lilikuwa na upana wa mita 4. Kwa dakika 8 lingetoa watu 2,624. Kwa ule mnyororo, likabaki mita 2: watu 1,312. Kufuli moja limekula nusu ya watu. Kwenye ngazi kasi inapungua zaidi. Ilikuwa kwenye ngazi ambapo wanafunzi 14 wa shule ya msingi ya Kakamega walipoteza maisha Februari 2020, wakitoka darasani jioni.

Kitu cha mwisho ambacho mwandalizi hana budi kuwa nacho ni mtu aliye juu, anayeona umati wote, na mwenye mamlaka ya kusimamisha watu wasiongezeke au kuchelewesha mechi. Itaewon, jijini Seoul, Oktoba 2022, simu ya kwanza ya kuonya polisi ilipigwa saa kumi na mbili na dakika 34 jioni. Maafa yalitokea baada ya saa nne usiku, kwenye kichochoro cha mteremko chenye upana wa mita tatu hivi. Walikufa watu 159. Kulikuwa na zaidi ya saa tatu za kufunga njia ya kuingilia, na haikufungwa.

Wewe mwenyewe ukiwa ndani, jipime hivi. Ukitaka kujikuna pua na mkono haupandi, umeshachelewa kidogo; anza kutoka wakati bado unaweza kuchagua upande. Wimbi likija usishindane nalo. Likitulia, sogea kwa mshazari hatua mbili tatu kuelekea pembeni, kisha ngoja tena. Kaa mbali na ukuta na vizuizi vya chuma, maana huko ndiko watu hubanwa. Weka mikono mbele ya kifua kama bondia, ili mapafu yapate nafasi. Simu ikianguka, iache. Mwenzako akianguka, mwinue mara moja, kwa sababu shimo aliloacha ndilo walio nyuma wataangukia.

Na kabla ya yote hayo, ukifika mahali, zunguka kwanza. Hesabu mageti yaliyo wazi, si yaliyochorwa kwenye bango. Ukiona mnyororo, uliza ufunguo uko na nani na yuko wapi. Mimi siku hizi huuliza. Wakati mwingine soja hucheka. Juzi mmoja hakucheka, alienda akautafuta, na ilimchukua dakika kumi na mbili kuupata.