Namba iliyo kwenye kundi si ruhusa ya kuuza

Alfajiri, kabla malori ya vitunguu kutoka Mang'ola hayajapanga foleni Namanga, makundi ya WhatsApp ya wafanyabiashara wa mpakani huwa yameshaamka. Mmoja anauliza bei ya Marikiti ikoje leo. Mwingine ana gari linalorudi tupu Arusha. Wakala wa forodha anawaarifu wenzake kwamba mtandao unasumbua. Katikati ya hayo zinatua picha kumi na mbili za magunia bila neno hata moja, kisha sala ya asubuhi, tangazo la mikopo na video ya ajali iliyotokea mwaka gani haijulikani. Aliyeuliza bei hajibiwi. Swali lake limeshapanda juu mno na hakuna atakayerudi kulitafuta.

Kundi likifika hapo watu hawatoki. Wanalizima sauti, basi. Ndiyo maana idadi ya wanachama hudanganya: WhatsApp inaruhusu kundi moja kuwa na watu 1,024, na msimamizi anaweza kujivunia mia sita huku wanaosoma kwa kweli ni thelathini. Mfanyabiashara anayerusha tangazo lake hapo mara tano kwa siku anadhani anawafikia mia sita. Anawafikia wale thelathini, na anawachosha.

Lakini makelele ndiyo kosa dogo. Kosa kubwa linalorudiwa mipakani ni la kuchukua namba za watu kundini na kuzifanya mali yako.

Chukulia kijana anayenunua vitunguu Mang'ola na kuviuza Nairobi. Rafiki yake anamwingiza kwenye kundi la wafanyabiashara wa nafaka na mboga lenye watu 400. Wiki hiyo hiyo anapitia orodha ya wanachama, ananakili namba 200 hivi, anafungua kundi lake mwenyewe na kuwatia wote humo bila kumuuliza mtu. Kisha anatupia bei. Yeye anaona amejenga soko. Mama wa Kitengela anayeuza vitunguu kwa jumla anaona simu yake imeingiliwa na mtu asiyemjua, na tangu jana hii ni mara ya tatu. Anatoka, na anapotoka anabonyeza kitufe cha kuripoti.

Kitufe hicho wengi hawakijui kazi yake. Mtu akiripoti, WhatsApp hupelekewa ujumbe wa mwisho hadi tano aliotumiwa, na aliyeripotiwa haambiwi. Ripoti zikirundikana, pamoja na watu waliomzuia, namba yaweza kufungiwa. Siku hiyo kijana akifungua programu anakuta taarifa kwamba akaunti yake haiwezi tena kutumia WhatsApp. Anaweza kuomba suala lake liangaliwe upya, na ombi analituma humo humo kwenye programu, lakini hakuna ahadi kwamba atafunguliwa. Laini yake bado inapiga simu na kupokea pesa. Ila picha za mzigo, makubaliano ya bei na wateja walioizoea namba hiyo kwa misimu mitatu, vyote viko nyuma ya mlango uliofungwa, na mvua ikinyesha vitunguu havingoji rufaa.

Kuna na upande wa sheria. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Namba ya simu ya mtu ni taarifa yake. Hakuna anayetarajia kumwona muuza vitunguu mahakamani kwa kosa la kundi la WhatsApp, lakini anayeamini kwamba namba iliyoonekana kundini imekuwa ya umma hasimami na sheria za nchi hizi.

Kijana huyo angefanyaje? Kwanza angejitambulisha kundini kwa sentensi mbili: ni nani, anatoa nini, wapi. Angemuuliza msimamizi, pembeni, matangazo yanaruhusiwa siku zipi. Kisha angeweka tangazo moja lililokamilika, akasubiri anayehitaji amfuate. Anayekuja mwenyewe ndiye mteja, na huyo ndiye wa kuombwa: "Naomba uhifadhi namba yangu, nikiwa na mzigo nikujulishe. Ukitaka niache, niambie tu."

Ombi hilo la kuhifadhi namba lina sababu ya kiufundi. WhatsApp ina orodha ya matangazo, ambayo humwezesha mtu kutuma ujumbe mmoja kwa watu hadi 256, kila mmoja akaupokea peke yake kama barua yake, bila kuona wengine. Sharti lake ni kwamba unamfikia yule tu aliyehifadhi namba ya mtumaji. Asiyekuhifadhi hapati kitu. Kwa hiyo orodha hiyo inatoa jibu ambalo kundi halitoi. Ukishatuma, fungua taarifa za ujumbe uone umewafikia wangapi. Ukituma kwa watu 80 na ukawafikia 12, tatizo si bando. Wale 68, mbali na waliozima simu, wengi wao hawajakuweka kwenye simu zao, na pengine hawana nia ya kukuweka.

Statasi ni ya upole zaidi, kwa kuwa hukaa saa 24 na anaitazama anayetaka. Mfanyabiashara mwenye picha kumi na mbili za magunia aziweke huko. Kundini apeleke moja.

Sasa tangazo lenyewe. Eneo hili lina matatizo yake ambayo mwandishi wa adabu za simu huko mbali hawezi kuyajua. Ujumbe unaosema "Vitunguu vipo, gunia 6,500, wahi" unasomwa na Mkenya, Mtanzania na Mganda, na wote watatu wana shilingi. Wote watatu wana gunia pia, ila moja ni la kilo mia na jingine ni lumbesa lililovimba juu kama kichuguu. Ndipo yanapofuata maswali arobaini kundini, moja baada ya jingine, na watu mia nne wanalipia bando kuyasoma.

Tangazo linalojitosheleza laweza kuwa hivi: "Vitunguu vyekundu vya Mang'ola, vimekauka vizuri. Magunia 120 ya kilo 100, si lumbesa. Viko Namanga upande wa Tanzania. Shilingi za Kenya 6,500 kwa gunia, ushuru na usafiri juu ya mnunuzi. Bei ni hadi Ijumaa saa kumi jioni, saa za Nairobi. Niandikie inboksi." Hapo hakuna la kuuliza isipokuwa kwa anayenunua kweli. Maneno "saa za Nairobi" si madoido. Kigali, Bujumbura na Goma ziko nyuma kwa saa moja, na kuna mizigo iliyouzwa kwa mtu mwingine ndani ya saa hiyo moja, kila upande ukiapa kwamba uliwahi.

Mzigo ukiisha, muuzaji arudi aseme umeisha. Ujumbe wenye kosa unaweza kuhaririwa ndani ya dakika 15, na kuufuta kwa wote kunawezekana kwa siku mbili na zaidi kidogo. Bei ikibadilika baada ya hapo, ni heri kulijibu lile tangazo la mwanzo kwa kulinukuu kuliko kuandika jipya, ili msomaji aone ilikuwa ngapi na sasa ni ngapi.

Adabu nyingine inawahusu wanaosoma. Mtu ameweka mzigo wake kwa 6,500, na mara moja chini yake anatokea mwingine: "Kwangu 6,200." Sokoni hakuna anayesimama mbele ya meza ya jirani na kuwaita wateja wake waliokuja kuuliza bei. Ushindani wa bei si dhambi, na mnunuzi ana haki ya kujua. Ila mwenye 6,200 aanzishe tangazo lake peke yake, lenye kilo zake na mahali pake, kwa maana mara nyingi hiyo tofauti ya mia tatu ni ya gunia jepesi au ya mzigo ambao bado uko shambani. Na anayemfuata inboksi mtu aliyeuliza chini ya tangazo la mwenzake, kabla huyo mwenye tangazo hajajibu, anajulikana upesi kuliko anavyofikiri. Wanunuzi husimuliana.

Linaloumiza zaidi ni picha ya skrini. Muuzaji amempunguzia mteja wa siku nyingi hadi 5,900 kwa sababu anachukua magunia 80 na analipa taslimu. Mteja, kwa kujigamba au kwa kutaka kumbana muuzaji mwingine, anapiga picha mazungumzo hayo na kuyatupa kundini. Kesho yake kila anayetaka magunia matano anadai 5,900. Bei ya inboksi ni ya watu wawili. Anayeitoa nje bila idhini amevunja patano hata kama hakuna karatasi iliyosainiwa, na muuzaji ana haki ya kumrudisha kwenye bei ya wote.

Vivyo hivyo kwa nyaraka. Watu huweka kundini picha ya kitambulisho au ya cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kile kinachotumika kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000, ili waulize kama kimejazwa sawasawa. Swali ni zuri, lakini watu mia nne sasa wana jina na namba ya kitambulisho cha mtu huyo. Inatosha kuandika swali, au kuziba sehemu hizo kabla ya kupiga picha.

Wasimamizi nao wana zana wasizozitumia. Wanaweza kuweka kibali cha kuidhinisha kila anayeingia kwa linki, wanaweza kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote, na wanaweza kutenga kundi la bei ambamo wao tu ndio wanaoandika, na jingine la gumzo ambamo sala na vichekesho vipate pa kukaa. Kinachokosekana ni ujasiri. Msimamizi anaogopa kufuta tangazo la mtu aliye rika la baba yake. Afute, kisha amwandikie pembeni: "Shikamoo mzee, tangazo lako nimelitoa, siku ya matangazo ni Alhamisi. Nitakukumbusha." Wengi hawakasiriki. Wanaokasirika ni wale wanaokuta ujumbe wao umetoweka bila neno.

Na yule anayechoka kutiwa kwenye makundi asiyoyaomba ana njia. Kwenye mipangilio ya faragha, sehemu ya makundi, achague kwamba waruhusiwe kumwongeza watu aliowahifadhi tu. Wengine watalazimika kumpelekea mwaliko, na mwaliko usiojibiwa kwa siku tatu hufa wenyewe. Kama tayari yumo na anataka kutoka, siku hizi wanaoarifiwa ni wasimamizi tu. Ila akiwa na mzigo wa mtu ambao haujafika, au deni, amwandikie kwanza huyo mwenzake. Akiondoka kimya katikati ya lori na malipo, jioni hiyo hiyo jina lake litakuwa linatajwa kundini, na yeye hatakuwepo kujibu.