Barua ya Mama Mmoja Kuhusu Picha ya Darasa

Shule moja hapa Uganda iliwapiga picha wanafunzi wa darasa la saba kwa nia ya kuichapisha kwenye tovuti yake. Kabla haijachapishwa, mama mmoja alimwandikia mwalimu mkuu: "Naomba mwanangu, aliyesimama mwisho wa safu ya nyuma upande wa kulia, aondolewe katika picha hiyo." Hakutaja sababu. Katika chumba cha walimu minong'ono ikaanza: anaficha nini huyu?

Kwa maoni yangu, hakupaswa kutaja sababu yoyote. Huenda amemkimbia mume mkatili asiyejua mtoto anasoma wapi. Huenda hapendi tu. Kumtaka ajieleze ni kumtaka aitoe siri ileile anayoilinda. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, kifungu cha 8, huitaka ridhaa ya mzazi au mlezi itangulie kabla ya kukusanya au kutumia taarifa binafsi za mtoto. Misamaha iliyomo ni michache, na kupamba tovuti si mmojawapo. Katika nchi jirani ya Kenya, mwezi wa Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Basi "naomba" ya mama huyu ni neno la adabu. Lisidhaniwe kuwa anaomba hisani.

Shule ilikubali, lakini kukubali hakukutosha. Karani aliiweka picha katika Word, akaukata ukingo wa kulia, mtoto akatoweka machoni. Hata hivyo, maelezo chini ya picha yaliendelea kumtaja kwa jina. Zaidi ya hayo, Word huificha tu sehemu iliyokatwa. Atakayepokea faili hiyo aweza kuirudisha. Ilimpasa karani afungue Compress Pictures na kuchagua Delete cropped areas of pictures, kisha alifute jina.

Tena ilikuwa bahati kwamba mtoto alisimama pembeni. Angekuwa katikati, kumkata kungewaondoa na wenzake, na kuufunika uso wake kwa doa jeusi kungemfanya kila mtazamaji aulize ni nani huyo.

Kwa hiyo naona barua hii ilipaswa kutangulia kamera, nayo shule ndiyo iliyopaswa kuianza kwa kuwauliza wazazi. Kisha zipigwe picha mbili: moja ya wanafunzi wote, igawiwe kwa karatasi na kubaki nyumbani, nyingine ya wale walioridhiwa na wazazi wao, ichapishwe. Hivyo mtoto yule angebaki na kumbukumbu ya wenzake, na mama yake asingelazimika kuandika barua.